Jibu: Kai-skwea kwa kila kitu? Wauguzi 60, hospitali moja

*"Habari wakuu. Niko mwaka wa mwisho uuguzi hapa Uganda. Utafiti wangu ni utendaji wa kunawa mikono kwa wauguzi wa hospitali moja ya wilaya. Wako 70, jedwali la Krejcie na Morgan limenipa 59, nikaweka 60. Niishie kwenye asilimia au nifanye kai-skwea kwa kila kitu: umri, jinsia, elimu, wodi, uzoefu? Nitumie SPSS au Excel? Na maswali ya wazi niyachambueje? Jumatatu naanza kugawa dodoso."*

Sista, usigawe chochote Jumatatu. Hiyo "kai-skwea kwa kila kitu", yaani kupima kila kigezo kama kinahusiana na utendaji, ndiyo inayowatoa watu jasho siku ya kutetea kazi, na dodoso likishajazwa hakuna programu itakayokurudishia ulichosahau kuuliza.

Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 lina kazi moja: kukadiria asilimia moja katika kundi ambalo idadi yake inajulikana, kosa lisizidi pointi 5 juu au chini. Ni jedwali la kueleza. Halijui kama watu 59 wanatosha kulinganisha wenye cheti na wenye digrii, na halikuahidi. Anayekwambia "sampuli imetoka kwenye jedwali, fanya vipimo vyote" anakupotosha. Wengine ni wenye vibanda vya kuchapa karibu na vyuo, wanaolipisha kwa kila jedwali la matokeo. Wao nitawasamehe, ni biashara. Nisiowasamehe ni wanaovaa tai na kusema bila thamani ya p, ile nafasi ya kuona tofauti kubwa kama yako kwa bahati tu, hakuna utafiti.

Kwa kueleza, 60 wako ni wengi kupita kiasi. Tuseme 45 wana utendaji mzuri, yaani asilimia 75. Kama uliwachagua kwa bahati nasibu, umebakiza 10 tu hujawaona, na kosa la hiyo 75 kwa hospitali hiyo ni kama pointi 4 tu. Mganga mkuu anaweza kupanga mafunzo kwa namba hiyo kesho asubuhi. Haikuhitaji p yoyote.

Sasa uwalinganishe kwa elimu. Tuseme 40 wana cheti, 16 stashahada, 4 digrii. Unaandika hivi kwenye SPSS:

```
CROSSTABS
  /TABLES=elimu BY utendaji
  /STATISTICS=CHISQ
  /CELLS=COUNT EXPECTED ROW.
```

Inakuletea p yake nzuri, unaifurahia, unaibandika kwenye sura ya nne. Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo ambazo kila mtu anazikata anaponakili, kuna hiki:

```
a. 3 cells (50.0%) have expected count less than 5.
   The minimum expected count is 1.00.
```

Msahihishaji anaisoma hiyo kwanza. Idadi tarajiwa ya kila chumba cha jedwali, yaani watu ambao ungewakuta humo kama elimu na utendaji havihusiani, ni jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa watu wote. Wenye digrii ambao utendaji wao si mzuri: 4 × 15 ÷ 60 = 1. Wenye digrii walio wazuri: 4 × 45 ÷ 60 = 3. Stashahada wasio wazuri: 16 × 15 ÷ 60 = 4. Vyumba vitatu kati ya sita viko chini ya 5. Kanuni inayotumika ni kwamba visizidi asilimia 20 ya vyumba vyote, na kusiwe na hata kimoja chini ya 1. Kai-skwea ni makadirio, na makadirio hayo huharibika vyumba vinapokuwa vyembamba, kwa hiyo p uliyopewa haiaminiki. Na hesabu hii ungeweza kuifanya kwa kalamu leo, maana idadi ya wauguzi kwa ngazi ya elimu iko ofisini kwa matroni.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: chora jedwali tupu la kila lengo kabla ya kuchapisha dodoso. Mistari, safu, vichwa, bila matokeo. Lengo linalosema "kubaini kiwango cha" lina safu moja ya idadi na asilimia, basi, umemaliza, ni kueleza. Lengo linalosema "kubaini uhusiano kati ya" lina vyumba, na kila chumba unakipigia hesabu ya idadi tarajiwa kwa kubahatisha asilimia ya utendaji. Chumba kikiwa chembamba, una njia tatu: unganisha makundi, tumia kipimo halisi cha Fisher, au futa lengo na ubaki na asilimia. Kufuta si aibu. Amua sasa, kwa sababu kamati ya maadili ikishapitisha pendekezo, kubadili malengo ni kurudi kwao kuomba upya.

Tuunganishe basi: cheti 40, stashahada na digrii pamoja 20. Wasio wazuri wanaotarajiwa ni 10 na 5, na vyumba vingine viwili ni 30 na 15. Inapita. Lakini ona: tuseme wazuri ni 33 kati ya 40 wa cheti, sawa na asilimia 82.5, na 12 kati ya 20 wa kundi la pili, sawa na 60. Tofauti ya pointi 22.5! Kai-skwea inatoa 3.6, p ni 0.058, juu kidogo ya kikomo cha 0.05. Wengi hapo huandika "elimu haihusiani na utendaji". Si kweli. Kipimo hakijui kwamba hospitali ina watu 70. Kinawachukulia 60 wako kama tone kutoka bahari ya wauguzi, na kwa tone hilo tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kuanzia pointi 2 upande wa pili hadi 47 upande huu. Andika hivyo: asilimia zote mbili, tofauti, na masafa yake. Kwamba sampuli ni ndogo kwa swali hilo, sema wazi.

Kuunganisha makundi baada ya kuona p ni wizi, hata ukiufanya polepole. Vivyo hivyo na kikomo cha "mzuri". Kama orodha yako ya kuangalia ina vipengele 10 na umesema mzuri ni kuanzia 8, usishuke 7 kwa sababu 8 haikukupa p ndogo. Tena umri na uzoefu uliza kwa miaka kamili, acha visanduku vya 20–29. Miaka unaweza kuigawa baadaye, kisanduku hakigawanyiki.

Na hiyo orodha ya "kila kitu": ukipima vigezo 12 visivyotegemeana, kila kimoja kwa 0.05, nafasi ya angalau kimoja kung'aa kwa bahati tu, hata kama hakuna uhusiano wowote, ni kama asilimia 46. Kwa hiyo utapata "matokeo", msijali, kila mtu hupata. Kisha utaandika kurasa mbili ukieleza kwa nini wauguzi wa wodi ya wanaume hunawa zaidi, na panelini kutakuwa na mama mmoja wa miwani atakayekuuliza, "Hili lilikuwa lengo lako namba ngapi?"

Chagua vigezo viwili, vile ambavyo fasihi na akili vinasema vina sababu ya kuhusika, kwa mfano elimu na kama amepata mafunzo ya kuzuia maambukizi. Vingine vyote viingize kwenye jedwali la sifa za washiriki, idadi na asilimia. Uzoefu kwa wastani wa kati, yaani miaka ya aliye katikati ukiwapanga kwa mfuatano, maana wazee wawili wenye miaka 30 kazini watakuvutia wastani wa kawaida juu. Yachore hayo majedwali, uyaweke hapa, tuyaangalie kabla hujaenda kuchapa.