Barua ya gawio lililopungua

"Gawio letu limeshuka kutoka shilingi 40 hadi 25 kwa hisa. Rasimu inalaumu 'mazingira magumu ya biashara'. Niiandikeje bila kuzua taharuki?"

Ndugu, tarakimu itangulie. Mwanahisa wa Mbale, Uganda, ataitafuta kabla ya salamu. Kwa kampuni ya kahawa, mathalani, ningeandika:

"Bodi inapendekeza gawio la shilingi 25 kwa hisa, kabla ya kodi ya zuio, mwaka jana lilikuwa 40. Tunauza kahawa kwa dola, mishahara tunalipa kwa shilingi. Shilingi ilipoimarika, faida ilishuka, na sehemu yake tumeibakiza kulipia mkopo wa mashine unaoiva Juni. Dola ikibaki karibu na shilingi 3,600 na mavuno yasipopungua, tunatarajia kulipa 25 tena mwakani. Ikishuka chini ya 3,450, tutapunguza zaidi."

"Mazingira magumu" futa kabisa. Msomaji atajaza pengo hilo kwa hofu yake mwenyewe. Usiahidi kurudi 40. "Tunatarajia" iandamane na sharti lake katika sentensi ileile, na kiwango cha dola kiwe kilekile cha bajeti ya mhasibu wenu, maana mkutanoni kuna mzee mmoja (hakosekani) atakayevilinganisha.