Kwa nini umri wa kustaafu ndio unaoguswa kwanza?

"Nchi zenye wazee wengi na watoto wachache, mbona zinang'ang'ania kuongeza umri wa kustaafu? Si wapandishe michango au wapunguze pensheni kidogo, yaishe?"

Mkuu, nimewahi kukokotoa mafao kwenye mfuko wa pensheni, basi nikupe hesabu yenyewe. Nazungumzia mifuko ambayo mchango wa mfanyakazi wa leo ndio unaomlipa mstaafu wa leo.

Chukua wafanyakazi 100 na wastaafu 25, pensheni iwe asilimia 40 ya mshahara wa wastani. Wastaafu wote wanahitaji jumla ya mishahara 10, kwa hiyo makato ni asilimia 10. Uzazi ukishuka na watu wakaishi zaidi, wastaafu wanafika 50, na makato yanapanda hadi asilimia 20. Ukikataa kuyapandisha, pensheni yenyewe inashuka hadi asilimia 20 ya mshahara. Hapo hakuna aliyeiba kitu.

Sasa sogeza umri hadi watu 10 wabaki kazini. Wafanyakazi wanakuwa 110, wastaafu 40, makato yanashuka hadi karibu asilimia 14.5 bila pensheni ya mtu kuguswa. Kila anayebaki anasaidia pande mbili: hadai, halafu anachangia.

Hizo njia zako mbili Japani ilizijaribu pamoja. Sheria ya 2004 ilipandisha mchango wa waajiriwa kidogo kidogo hadi ukakoma asilimia 18.3 mwaka 2017, mwajiri na mfanyakazi wakigawana nusu kwa nusu. Mzigo uliobaki unabebwa na pensheni yenyewe: nyongeza yake hupunguzwa kadiri wachangiaji wanavyopungua na umri wa kuishi unavyorefuka. Ila sheria hairuhusu kipunguzo hicho kishushe kiasi anachopokea mstaafu, na bei zilikuwa hazipandi, kwa hiyo hapakuwa na nyongeza ya kupunguza. Kipunguzo kikakaa tu kwenye makaratasi hadi 2015. (Wazee ni wapiga kura wengi pia, tusidanganyane.)

Lakini kuongeza umri nako kuna shimo lake. Wale 10 lazima wawe na kazi kweli. Faili zilizonisumbua zilikuwa za watu wa kazi za nguvu. Namkumbuka fundi wa paa, magoti yameisha, umri wake wa pensheni umesogezwa mbele. Hakurudi juu ya paa. Alihamia kwenye mafao ya ulemavu. Kwenye taarifa yetu alionekana ameokolewa kwa pensheni, huku idara ya pili ikimlipa na hospitali ikimtibu magoti.

Kwa hiyo ukisikia nchi imeongeza umri, usiishie kwenye idadi ya wastaafu iliyopungua. Angalia kama wenye miaka 60 na kitu walio kazini wameongezeka, kisha angalia madai ya ulemavu na ya kukosa ajira kwa rika hilohilo. Yakipanda kwa pamoja, gharama imehamishiwa dirisha jingine tu.