Ukishusha saa na kosa likabaki, tafuta njia fupi

Sakiti inatoa jibu baya. Unashusha saa kutoka megahezi 100 hadi megahezi 1, na jibu linabaki baya vilevile. Hapo usipoteze muda kwenye njia ndefu yenye mageti mengi, kwa sababu njia ndefu ingekuwa imepona kwa kupewa nafasi yote hiyo. Inayoshukiwa ni njia fupi kuliko zote, na ili kuipima sawasawa lazima utenganishe aina mbili za ucheleweshaji ambazo wengi huzichanganya.

Ingizo la geti likibadilika, tokeo hukaa kidogo na thamani yake ya zamani kabla ya kuanza kuyumba. Muda huo, tangu ingizo libadilike hadi tokeo liguswe kwa mara ya kwanza, ni ucheleweshaji wa uchafuzi, tcd. Baada ya hapo tokeo linaweza kupanda, kushuka na kupanda tena, mpaka litulie kwenye thamani yake ya mwisho. Muda wote tangu ingizo libadilike hadi utulivu huo ni ucheleweshaji wa uenezi, tpd. Kwa hiyo uenezi unajibu swali la "imetulia lini, ikichelewa kabisa?" na uchafuzi unajibu "imeanza kuguswa lini, ikiwahi kabisa?"

Sasa weka flipflopu mbili zinazotumia saa moja: F1 inatuma, F2 inapokea. F2 inataka data iwe imetulia kabla ya ukingo wa saa, huo ni muda wa maandalizi, tsetup, na ibaki bila kuguswa kitambo kidogo baada ya ukingo, huo ni muda wa kushikilia, thold. Tatizo la kushikilia linazaliwa hapa: ukingo uleule unaoiambia F2 ichukue data ya zamani ndio unaoiambia F1 itoe data mpya. Data mpya iko njiani wakati F2 bado inaishika ya zamani. Ikiwahi kufika, inaiharibu.

```
maandalizi:  T >= tpcq + tpd + tsetup + tskew
kushikilia:  tccq + tcd >= thold + tskew
```

tpcq na tccq ni uenezi na uchafuzi wa flipflopu yenyewe, tangu ukingo wa saa hadi tokeo. tskew ni tofauti kubwa kabisa ya wakati saa inapofika kwenye flipflopu mbili. Tazama mstari wa pili: T, yaani kipindi cha saa, haimo. Mambo yote yanatokea kwenye ukingo mmoja, kwa hiyo ukingo unaofuata uwe karibu au mbali, haubadilishi chochote.

Tuchukue mfano wa namba. Flipflopu ina tccq ya pikosekunde 40, tpcq 70, maandalizi 50 na kushikilia 65. Kila geti lina tcd ya 20 na tpd ya 45. Tofauti ya saa ni 15. Ishara A inatoka flipflopu moja na kupita G1, G2 kisha G3 hadi F2. Ishara B inatoka flipflopu nyingine na kuingia moja kwa moja kwenye G3.

Njia ndefu ni ya A: 70 + 135 + 50 + 15 = 270. Saa inaweza kwenda hadi gigahezi 3.70 hivi, na upande wa maandalizi uko sawa.

Kushikilia kunahitaji 65 + 15 = 80. Mtu akijumlisha uenezi kwenye njia ya B atapata 70 + 45 = 115, aone ziada ya 35, afunge kazi. Akijumlisha uchafuzi, lakini kwenye njia ya A, atapata 40 + 60 = 100, nako ataona ziada. Yote mawili ni makosa. Hesabu inayotakiwa ni uchafuzi kwenye njia ya B: 40 + 20 = 60. Zimepungua pikosekunde 20, na sakiti hii haitafanya kazi kwa kasi yoyote ile.

Kwa nini A haiwezi kuiokoa B? Kwa sababu tokeo la G3 linachafuka mara tu ingizo lolote lake linapogusika. Hata kama baadaye tokeo litarudi kwenye thamani ileile ya zamani, mshtuko mfupi ndani ya dirisha la kushikilia unatosha kuifanya F2 ichukue kitu kisicho sahihi, au ikwame kwa muda kati ya 0 na 1. Anayewahi kufika ndiye anayeamua, wengine wakichelewa kiasi gani haijalishi.

Dawa ni bafa, na mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko bafa yenyewe. Tuseme bafa ina ucheleweshaji sawa na geti. Ukiweka moja kwenye waya wa B kabla ya G3 unapata 40 + 40 = 80, umegusa mpaka bila ziada yoyote. Weka mbili, upate 100, ziada ya 20. Sasa rudi ukakague maandalizi ya B: bafa mbili na geti moja ni mageti matatu, yaani 270 ileile ya A. Hujapoteza kasi hata kidogo. Ukiongeza ya tatu kwa hofu, B inafika 315 na saa inashuka hadi gigahezi 3.17. Hasara hiyohiyo utaipata ukiweka bafa moja tu baada ya G3, kwa kuwa A nayo inapita hapo. Bafa ikae kwenye tawi fupi pekee.

Programu ya kukagua muda nayo uielekeze upande huu. Kwenye Vivado na OpenSTA, amri ni hizi kwa mfuatano:

```
report_timing -delay_type min
report_checks -path_delay min
```

Kagua kushikilia hasa kwenye hali inayofanya chipu iwe ya haraka, kwa mfano volteji ya juu, na idadi ya bafa uihesabu kwa uchafuzi wa hali hiyo. Bafa iliyotosha chipu ikiwa ya polepole huenda isitoshe ikiwa ya haraka. Na kama kabrasha la kifaa linatoa ucheleweshaji wa juu tu, usiukisie wa chini kuwa nusu yake. Uhesabu kuwa sifuri.

Sehemu ya kuanza kutazama ni rejista ya kusogeza, maana kati ya flipflopu zake hakuna geti hata moja. Kwa namba zetu, 40 inakabiliana na 80. Kuipima ni rahisi: kwenye rejista ya hatua 8 iliyojaa sifuri, ingiza 1 moja na uhesabu kingo. Ikitokea mwishoni kwenye ukingo wa 7 badala ya wa 8, kuna mahali imeruka hatua mbili kwa ukingo mmoja. Bafa mbili kila hatua zinafikisha 80, yaani mpakani bila ziada; tatu zinatoa ziada ya 20. Ila ukiweza, ingiza waya wa saa kutokea mwisho wa rejista kuelekea mwanzo. Hapo inayopokea hupata saa kabla ya inayotuma. Saa ikiwahi kwa 15 kamili, mahitaji yanashuka hadi 65 - 15 = 50, na bafa moja kwa kila hatua inafikisha 60.