Ukubwa 10 hauthibitishi kwamba swali la vekta liko sawa

Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ukishafika steshenari kudurufiwa, swali la vekta lililochanganywa halirekebishiki tena. Likague ungali nalo mezani, na usianze na ukubwa, kwa sababu ukubwa ndio unaoficha makosa mengi.

Chukua A(2, 1) na B(-4, 9). Vekta AB ni mwisho kutoa mwanzo:

```
      ( -4 - 2 )   ( -6 )
AB =  (        ) = (    )
      (  9 - 1 )   (  8 )
```

Ukubwa wake ni √(36 + 64) = 10. Sasa tuseme mchapaji amegeuza safuwima ikawa 8 juu na -6 chini, au mchoro una kichwa cha mshale upande wa A. Ukikokotoa ukubwa, bado utapata 10. Alama za hasi hupotea kwenye kipeo cha pili, na mpangilio wa namba haubadilishi jumla. Mwongozo wa kusahihisha utaonekana hauna dosari, huku mwanafunzi aliyesoma mchoro vizuri akikosa alama.

Kipimo kinachokamata kosa ni kujumlisha: nukta ya mwanzo ukiongeza safuwima lazima ikupe nukta ya mwisho. Hapa 2 + (-6) = -4, na 1 + 8 = 9, ambayo ni B. Safuwima iliyogeuzwa ingekupeleka (10, -5), na iliyobadilishwa alama zote mbili ingekupeleka (8, -7).

Nukta hizo zisome kwenye mchoro wenyewe, si kwenye maneno ya swali, la sivyo hujakagua mchoro. Weka kalamu kwenye mkia wa mshale, hesabu miraba 6 kushoto, kisha 8 juu. Hesabu miraba, rula haifai, maana picha ikivutwa upande mmoja kwenye kompyuta miraba huwa mistatili na urefu wa mshale hauna maana tena. Angalia pia mstari wa sehemu usiwe umebaki katikati ya safuwima. Wapo watakaoisoma kama -6/8 na kuirahisisha, na huwezi kuwalaumu.

Ukubwa uache mwisho. Jibu likiwa 5.29, kikokotoo kimeandikiwa -6² bila mabano, kikatoa -36, na kilichobaki ni √28. Likiwa 14, namba zimejumlishwa tu. Likiwa √97, aliyekokotoa ametumia OB akasahau kutoa A.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiiweke A kwenye (0, 0): hapo OB na AB ni kitu kimoja, na asiyetoa A anapata alama zote. Epuka pia vekta kama 5 juu na 5 chini, ambayo ukiigeuza inabaki vilevile.