Somo la wingu kwa akaunti moja

"Nina projekta na akaunti moja tu ya bure. Nifundisheje wingu la mtandaoni, yaani kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta za mbali, darasa la S2 hapa Mbale?"

Mwalimu, pakia picha mbili kwenye Google Drive darasa likitazama, kisha zima laptopu kabisa. Uliza picha ziko wapi sasa, halafu fungua moja kwa simu. Wengi watasema zimehamia simuni. Hapo weka simu hali ya ndege, ufungue ile ya pili: itagoma, maana picha haikuhamia simuni, iko kwenye kompyuta za Google. Usijaribu ile ya kwanza, huenda simu imebaki na nakala yake, na watoto watachanganyikiwa.

Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu siku moja kabla, maana Google inaweza kudai uthibitisho. Mwenzetu mmoja anataka kila mtoto awe na akaunti yake; ana haki, ila hiyo ni ya vipindi vya mazoezi.