Mpango wa insha ya eutanasia: utu na uhai vinapovutana

Mada ya eutanasia, yaani daktari kumfisha mgonjwa kwa ombi lake, ikiandikwa ubaoni, iwe ni kidato cha sita Tabora au chuo cha uuguzi Kigoma, wengi huchora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto wanaandika "faida", kulia "hasara". Kushoto inaingia "mgonjwa anapumzika", kulia "Mungu hapendi". Insha inayotoka hapo ni orodha mbili ambazo hazikutani popote, na msomaji anafika mwisho bila kujua mwandishi anabishana na nani.

Mpango unaofanya kazi huanza kwa kujua mvutano uko wapi hasa. Na hapa kwetu huhitaji kwenda mbali kuutafuta, maana Katiba ya Tanzania imeubeba. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Anayetetea kufa kwa heshima anasimama juu ya ya kwanza, anayetetea utakatifu wa uhai juu ya ya pili. Ukiandika ibara hizo mbili juu ya karatasi yako, umeshapata utangulizi.

Kabla ya hoja yoyote, tenganisha matendo. Neno eutanasia limebebeshwa mizigo minne isiyofanana, na insha nyingi huanguka kwa sababu aya ya pili inazungumzia mmoja na aya ya tano mwingine. Njia rahisi ni kubuni mgonjwa mmoja na kukaa naye mpaka mwisho. Tumchukue mama wa miaka 58 wa Ujiji mwenye saratani ya umio iliyokwisha kusambaa. Kumeza maji ni shida, maumivu hayampi usingizi, na madaktari wanakadiria amebakiwa na wiki chache.

Tendo la kwanza: anakataa kurudi Mwanza kwa mionzi mingine, anaomba abaki nyumbani. Tendo la pili: anapewa mofini ya maji kwa ajili ya maumivu, na dozi inapandishwa kadiri maumivu yanavyopanda. Tendo la tatu: daktari anamwandikia dawa ya kufisha, naye anainywa kwa mkono wake mwenyewe. Tendo la nne: daktari anamchoma sindano ya kufisha kwa ombi lake. Eutanasia kwa maana kamili ni hilo la nne. La tatu ni kusaidiwa kujiua. Mawili ya kwanza si eutanasia, ingawa kuna wanaoyaita eutanasia baridi na kuzidisha mkanganyiko.

Sheria yetu inayatofautisha vizuri kuliko insha nyingi. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa tiba, na dawa ya maumivu iliyotolewa kwa nia ya kutuliza maumivu si kosa. Tendo la tatu linaangukia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216, kumsaidia mtu kujiua, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. La nne ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa. Utetezi kwamba mama angekufa tu baada ya wiki tatu haumsaidii daktari: kifungu cha 203 kinamhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha. Hilo lipe aya nzima, kwa sababu linaonyesha kuwa sheria haipimi urefu wa maisha yaliyobaki. Siku moja na miaka arobaini zina uzito uleule. Huo ndio utakatifu wa uhai ukisemwa kwa lugha ya mahakama, bila kutaja dini.

Tukija kwenye dini, usiitumie kama rungu. Mwandishi akisema tu kwamba Mungu hapendi, hajaeleza anachokataza Mungu ni tendo lipi kati ya yale manne. Qur'ani, sura ya nne aya ya 29, inakataza watu kujiua. Hata hivyo wanazuoni wengi hawaoni kuwa ni wajibu kuendelea na tiba isiyo na tumaini. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa 12 alisema mwaka 1957 kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi kifo chenyewe hakikusudiwi. Na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1995 aliilaani eutanasia huku akikubali kuachana na tiba inayomtesa mgonjwa bila faida. Kwa hiyo upande wa utakatifu wa uhai haudai mama yetu avutwe aishi kwa kila mashine iliyopo. Unadai mtu mwingine asikusudie kifo chake. Ukiliweka dai hilo hivi linakuwa gumu kulivunja, na ndivyo inavyotakiwa: hoja ya upande usioupenda iandike kwa nguvu ambayo mwenyewe angeitambua.

Sasa upande wa heshima. Hapa kosa kubwa ni kuujenga wote juu ya maumivu. Ukifanya hivyo, mpinzani anakujibu kwa sentensi moja: leteni mofini. Na jibu hilo lina nguvu. Mofini ya kunywa kwa kawaida huanzwa na kiasi kidogo kila baada ya saa nne, hupandishwa taratibu, na ikitolewa hivyo hutuliza maumivu bila kuua. Hoja ya maumivu ikishajibiwa, insha yako inabaki mikono mitupu aya ya tatu.

Tazama badala yake jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kusaidiwa kufa inatumika tangu 1997. Kwenye taarifa za kila mwaka za huko, sababu zinazotajwa zaidi na wagonjwa ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyowapa raha ya kuishi, na kupoteza heshima. Maumivu yako chini ya hizo. Hoja yenyewe basi ni hii: mama wa Ujiji anaweza kutulizwa maumivu yote na bado akasema, "Mimi niliyekuwa nauza mawese na kusomesha watoto sita, leo naoshwa na mkwe wangu. Hayo si maisha yangu." Kwake, utu ni kuwa mwenye kauli juu ya mwili wake.

Mpinzani naye hakatai utu. Anasema utu hauondoki kwa kuoshwa. Mtoto mchanga huoshwa, na hakuna anayemwona hana heshima. Kwake, utu ni kitu ambacho ugonjwa hauwezi kukichukua, kwa hiyo hakuna hali inayoweza kufanya maisha yasistahili tena. Hapo ndipo pande mbili zinapokutana uso kwa uso: neno moja, utu, na maana mbili. Aya hii ndiyo moyo wa insha. Kama insha nzima ni maneno 900, ipe 200, hata kama itakubidi upunguze historia ya Ugiriki ambayo kila mtu huinakili.

Baada ya hapo lete swali la hiari, maana ndiko mazingira yetu yanakoongeza jambo. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya upendo, lakini inaonyesha mazoea: mgonjwa huamuliwa. Kikao cha ukoo kinakaa, mjomba anazungumza, nauli ya kwenda Dar es Salaam inapigiwa hesabu, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Mama akisikia shamba linauzwa kwa ajili yake, kisha akaomba kufa, ombi hilo ni la nani? Jaribio la kuandika kwenye mpango ni swali moja: je, angeomba kama nauli, dawa na mtu wa kumuuguza vingekuwepo? Kama jibu ni hapana, kinachoombwa ni nauli. Kama jibu bado ni ndiyo, hoja ya umaskini imefika mwisho wake, na mwandishi mkweli anakiri hivyo.

Katika mifano ya Afrika, kesi ya Stransham-Ford wa Afrika Kusini hunukuliwa sana, na mara nyingi vibaya. Alikuwa wakili mwenye saratani aliyeomba daktari amsaidie kufa bila kushtakiwa. Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia tarehe 30 Aprili 2015, na akafa siku hiyohiyo, muda mfupi kabla ya amri kutolewa. Wengi huishia hapo na kuandika kuwa Afrika Kusini imeruhusu eutanasia. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikisema dai lake lilikuwa la nafsi yake na lilikufa pamoja naye, tena ushahidi ulikuwa haujachunguzwa vya kutosha. Itumie kesi hii kuonyesha jinsi jaji mmoja alivyouegemea utu, na jinsi mahakama ya juu ilivyokataa suala zito namna hiyo lipite kwa haraka. Usiitumie kama kibali.

Hoja ya mteremko, ile ya kwamba ukifungua mlango kidogo utafunguka wote, nayo inataka uangalifu. Ukiandika "mwisho wataua wazee wote" umeipoteza. Iweke kwenye sheria zilizopo. Ubelgiji iliruhusu eutanasia mwaka 2002 kwa watu wazima na vijana waliotambuliwa kisheria kuwa wanajitegemea, na mwaka 2014 ikaondoa kikomo cha umri, kwa masharti makali. Kanada iliruhusu mwaka 2016 kwa wale ambao kifo chao kilikuwa kinatabirika, na mwaka 2021 ikaondoa sharti hilo. Hiyo inaunga mkono hoja. Lakini Oregon bado inadai mtu mzima, miezi sita au pungufu ya kuishi, na mgonjwa anywe dawa mwenyewe, masharti yaleyale ya 1997. Mteremko upo mahali na haupo mahali, na mwenye kuandika anapaswa kusema tofauti imetoka wapi: Oregon ilijifunga kwa muda wa kuishi, wengine walijifunga kwa mateso, na mateso hayana saa ya kuyapimia.

Hitimisho liwe na dai lililofungwa kwenye tendo. "Eutanasia ni mbaya" halipimiki. "Tendo la kwanza na la pili yaruhusiwe wazi na mofini ifike zahanati; la nne libaki kosa, kwa sababu hiari ya mgonjwa maskini haiwezi kuthibitishwa" ni dai ambalo mtu anaweza kulishambulia. Anayeona kinyume aandike lake kwa ukali uleule, aseme ni tendo la tatu au la nne analotaka liruhusiwe, kwa nani, na nani atahakiki ombi.

Kichwa cha insha kiandike mwisho. "Mauaji ya huruma" kimeshahukumu kabla ya aya ya kwanza, na "Kufa kwa heshima" nacho kimeshahukumu, ila kwa upande wa pili.