Mchoro wa transista moja: ondoa kapasita kwanza, kisha zirudishe

Ukifunguliwa mchoro wa amplifaya ya transista moja, usianze kwa kuifuata sauti kutoka kushoto kwenda kulia. Mafundi wengi hufundishwa hivyo, na ndiyo maana wengi wanaweza kutaja jina la kila kipande bila kujua kipo pale kwa kazi gani. Mchoro mmoja huu umebeba sakiti mbili. Moja ni ya umeme tulivu wa DC unaoiamsha transista, nyingine ni ya mawimbi ya sauti yanayopita juu ya umeme huo. Mimi huzisoma moja baada ya nyingine, sizichanganyi.

Nitatumia mfano ambao utaukuta, kwa thamani hizi au zinazokaribiana nazo, kwenye vikuzaji vingi vya maiki. Transista ni BC547, yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Juu kuna laini ya volti 12, chini kuna ardhi. R1 ya 47k inashuka kutoka laini ya juu hadi kwenye besi, na R2 ya 10k inatoka kwenye besi hadi ardhini. RC ya 4.7k inaunganisha laini ya juu na kolekta, na RE ya 1k inaunganisha emita na ardhi. Kapasita ni tatu: C1 ya 10µF mahali sauti inapoingilia kwenye besi, C2 ya 10µF mahali inapotokea kwenye kolekta, na CE ya 100µF iliyokaa sambamba na RE.

Sasa chukua penseli uzikate kapasita zote tatu. Kapasita haipitishi DC, kwa hiyo kwa usomaji wa kwanza hazipo. Zimebaki rizista nne na transista, na hapo ndipo unaona R1 na R2 zinafanya nini: zinagawa zile volti 12 ili besi ipate sehemu yake. Hesabu yake ni hii:

```
VB = 12 × 10 / (47 + 10) = 2.1 V
VE = 2.1 − 0.65 = 1.45 V
IE = 1.45 V / 1k = 1.45 mA
VC = 12 − (1.45 × 4.7) = 5.2 V
```

Ile 0.65 ni volti zinazopotea kati ya besi na emita kila transista ya silikoni inapokuwa imefunguka. Mkondo wa kolekta unakaribia kulingana na wa emita, ndiyo maana mstari wa mwisho umetumia 1.45 ileile. Volti halisi zitakuwa pungufu au zaidi kidogo, lakini ukipima na ukapata namba za jirani na hizi, transista yako imekaa vizuri.

Kolekta imewekwa kwenye volti 5 hivi kwa makusudi. Sauti ikija, kolekta inapanda na kushuka, na inahitaji nafasi pande zote mbili. Ikipumzika karibu na 12, kilele cha juu cha wimbi kitakatwa. Ikipumzika karibu na emita, kitakatwa cha chini. Hiyo sauti inayokwaruza hata ukipunguza volyumu ya spika mara nyingi chanzo chake ni hapa.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tunahangaika na rizista mbili kwenye besi wakati moja kutoka laini ya juu ingetosha kuifungua transista. Ingetosha kweli, ila kwa transista hiyo moja tu. BC547 zinazouzwa madukani hazifanani: uwezo wao wa kukuza mkondo unaweza kuwa 110 kwa moja na 450 kwa nyingine, na kwa nje huwezi kuzitofautisha zaidi ya herufi A, B au C iliyoandikwa mwishoni. Kwa rizista moja, ukibadilisha transista mkondo wa kolekta unaweza kupanda maradufu na zaidi, na kazi yote inaharibika.

Kwa R1 na R2 mambo ni tofauti. Mkondo unaoteremka kupitia rizista hizo mbili ni kama miliampia 0.21, wakati besi inachota kama miliampia 0.007 tu, yaani sehemu moja kati ya 30. Besi ichote zaidi kidogo au pungufu, volti zake hazitikisiki sana. Kisha RE inakamilisha ulinzi. Transista ikipata joto ikataka kupitisha mkondo zaidi, volti za emita zinapanda, pengo kati ya besi na emita linabanwa, na mkondo unarudi chini wenyewe. Ndiyo maana kwenye sakiti hii unaweza kuchomoa BC547 moja ukaweka nyingine bila kugusa rizista hata moja.

Usomaji wa pili ni kinyume chake. Chukua mchoro msafi, na safari hii kila kapasita igeuze kuwa waya mtupu. Laini ya volti 12 nayo ihesabu kuwa ni ardhi, kwa sababu volti zake hazicheki wala hazilii sauti inapopita. Kazi ya kila kapasita itajionyesha.

C1 inaruhusu sauti iingie na inaizuia DC isitoke. Jaribu kuwaza ungeiondoa ukaunganisha waya. Chanzo cha sauti, tuseme simu, kwa DC kipo kwenye volti sifuri na ukinza wake ni mdogo. Kingekaa sambamba na R2 na kuivuta besi kutoka 2.1 hadi karibu na ardhi, na transista ingefunga kabisa. C2 inafanya kazi hiyohiyo upande wa kutokea: kolekta iko kwenye 5.2, hatua inayofuata ina besi yake inayotaka volti zake. Bila C2 zingevutana.

Mwelekeo wa ncha za kapasita hizi uangalie kwa volti, usiukariri. Upande wa chanya unaelekea penye volti nyingi. Kama sauti inatoka kwenye simu, chanya ya C1 inatazama besi. Kama inatoka kwenye kolekta ya hatua iliyotangulia yenye volti 5, chanya inatazama kule.

CE ndiyo inayochanganya watu, kwa kuwa haiko kwenye njia ya sauti. RE tumeona ni mlinzi: inapinga kila badiliko la mkondo. Shida ni kwamba haijui kutofautisha joto na sauti, inavipinga vyote. Bila CE, ukuzaji ni RC kugawanya kwa RE, yaani 4.7 kwa 1, chini ya mara 5. CE inaipa sauti njia ya mkato kwenda ardhini bila kupitia RE, huku DC ikiendelea kulindwa. Kinachobaki kwenye emita ni ukinza mdogo wa transista yenyewe, unaopatikana kwa kugawanya 26 kwa mkondo wa miliampia. Hapa ni 26 kwa 1.45, kama omu 18. Omu 4700 kwa 18 ni karibu mara 260. Kutoka 5 hadi 260 kwa kapasita moja.

Hizo omu 18 ndizo pia zinazoeleza kwa nini CE huwa kubwa kuliko wenzake. Kapasita inaanza kuzuia sauti nzito pale ukinza wake unapolingana na ukinza inaoukabili. C1 inakabili mlango wa transista, kama omu 2500 kwenye mfano huu, kwa hiyo 10µF inapitisha kila kitu mpaka chini ya hezi 7. CE inakabili omu 18 tu. Kwa 100µF besi ya muziki inaanza kupungua kwenye hezi 90 hivi, na ukiweka 10µF kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo kwenye droo, inaanza kupungua kwenye hezi 900. Sauti ya mtu inasikika kama inatoka ndani ya simu. Fundi anaweza kubadilisha maiki na spika akifukuza kasoro hiyo, kumbe kapasita ya emita imekauka.

Hii niliiona kwenye kikuzaji kimoja cha maiki kilicholetwa na malalamiko kwamba sauti "imekuwa ya mbali". Multimita ilionyesha besi 2.1, emita 1.4, kolekta 5.3. Kila kitu sawasawa kwa DC. Kwa anayesoma mchoro mara mbili hilo tayari ni nusu ya jibu: rizista na transista ni wazima, kasoro iko kwenye sakiti ya pili, ya kapasita. Nilishika kapasita nzima ya 100µF kwa vidole, nikagusisha chanya kwenye emita na hasi kwenye ardhi, umeme ukiwa umewashwa. Sauti ilirudi palepale. Kwenye sakiti ya volti 12 kama hii jaribio hilo ni salama. Kwenye vifaa vya volti kubwa usithubutu.

Volti zikiwa si sawa, basi ni usomaji wa kwanza unaokuita. Besi sifuri na kolekta 12 kamili: R1 imekatika, transista haipati chochote. Besi 2.9, emita na kolekta zote zimekaribiana kwenye 2 na kitu: R2 imekatika, transista imefunguka mpaka mwisho. Emita sifuri, besi 0.7 na kolekta karibu na sifuri: CE imejifunga ndani, imeigeuza RE kuwa waya. Hiyo ya mwisho ni kapasita inayoharibu DC, na ndiyo inayowadanganya watu wakalaumu transista.

Mara 260 inavutia kwenye karatasi, lakini kolekta ina nafasi ya kushuka volti 3.5 tu kabla haijaikaribia emita. Gawanya kwa 260, utaona kilele cha sauti inayoingia hakitakiwi kuzidi milivolti 13, na mkwaruzo unaanza kusikika kabla hata ya hapo. Maiki ya kawaida sawa, ila simu itaizamisha sakiti hii. Michoro mizuri hupasua RE kuwa mbili, omu 100 juu na 910 chini, kisha CE inafungwa sambamba na ile ya chini peke yake. DC haioni tofauti. Sauti sasa inakutana na omu 118 kwenye emita, ukuzaji unashuka hadi kama mara 40, na transista moja ikitofautiana na nyingine sikio halitambui. Kwa hiyo ukikuta rizista mbili chini ya emita na kapasita imeshikilia moja tu, ujue aliyechora ameacha ukuzaji kidogo ili sauti ibaki safi, na usijaribu "kumrekebisha" kwa kuihamishia kapasita juu.